Kutambua uso wa kupachikwa kwenye video: kope, ukingo wa uso, kichwa na shingo

Uso wa kupachikwa haubandikwi mara moja ukaachwa. Programu huuchora upya katika kila fremu. Kwanza hutafuta uso kwenye picha, kisha huukata na kuunyoosha ukae wima ndani ya mraba mdogo, halafu modeli ya akili bandia huchora sura ya mtu mwingine yenye mkao na mwonekano uleule. Mwishoni mchoro huo hurudishwa mahali pake, hupakwa rangi ifanane na ngozi ya jirani, na kingo zake hulainishwa. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, kazi hiyo yote hurudiwa mara 25 kila sekunde, na mara nyingi fremu moja haijui iliyotangulia ilichorwaje. Karibu dosari zote zinazoelezwa hapa zinatoka kwenye jambo hilo moja.

Ili maelezo yasichanganye, aliyesimama mbele ya kamera tumwite mbebaji, na yule ambaye sura yake imechorwa juu yake tumwite mwenye sura. Kwa kawaida kinachobadilishwa ni eneo kutoka juu ya nyusi hadi kidevuni, na kutoka shavu hadi shavu. Nywele, masikio, shingo, mabega na mikono hubaki kuwa vya mbebaji. Mgawanyo huo uweke akilini muda wote, kwa sababu vipimo vitatu vya hapa vyote vinalinganisha kilichochorwa na kisichochorwa.

Kabla ya kupima: faili na fremu

Tafuta nakala iliyo karibu zaidi na chanzo. Video iliyopita kwenye makundi matatu ya ujumbe imebanwa mara tatu, na kila kubanwa kunafuta sehemu ya kile unachokitafuta na kuongeza uchafu unaofanana nacho. Usirekodi skrini ukipata nafasi ya kupakua faili lenyewe.

Kisha pima upana wa uso kwa pikseli. Uso ukitazamwa kutoka mbele, upana wake ni karibu mara tano ya upana wa jicho moja. Kwa hiyo uso wa pikseli 100 una jicho la pikseli 20 kwa upana, na lililofunguka kawaida huwa na kimo cha pikseli 6 hivi. Kosa la pikseli moja tu hapo ni moja ya sita ya jicho zima. Uso ukiwa chini ya pikseli 150, kipimo cha kope kichukue kwa tahadhari kubwa. Ukiwa chini ya pikseli 80, kiache kabisa ubaki na shingo na kichwa, ambavyo huonekana hata kwenye picha hafifu.

Angalia kasi ya fremu na fremu kamili ziko wapi. Video iliyobanwa huhifadhi picha kamili mara mojamoja, na katikati huhifadhi mabadiliko tu. Fremu kamili inapofika, picha nzima inaweza kuruka kidogo, na mtu asiyejua hudhani ameona ukingo wa uso ukicheza. Orodha ya nyakati za fremu hizo inapatikana kwa ffprobe, programu ya kuandikiwa amri inayokuja pamoja na ffmpeg; hapa na mbele, asili.mp4 ni jina la faili lako:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey \
  -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 asili.mp4
```

Iandike pembeni. Baadaye mruko wowote utakaoangukia kwenye nyakati hizo hautahesabiwa.

Kwa kutazama, programu ya VLC husogeza fremu moja mbele kwa kitufe cha E. Programu ya mpv hutumia nukta kwenda mbele na mkato kurudi nyuma, na kwa kazi hii kurudi nyuma kuna thamani kubwa. Ukitaka picha zenyewe kwenye folda, kata kipande kifupi kwa ffmpeg, ambapo -ss ni sekunde ya kuanzia na -t ni urefu wake, na usiruhusu programu kuongeza wala kupunguza fremu:

```
ffmpeg -ss 12 -t 5 -i asili.mp4 -fps_mode passthrough f_%04d.png
```

Video za simu nyingi hazina kasi ya fremu iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikuta picha mbili zinazofuatana zimefanana kabisa, pamoja na mandharinyuma, hiyo ni fremu iliyorudiwa na haina cha kusema kuhusu uso. Iruke.

Kope: usihesabu tu, tazama umbo la kufumba

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Albany, katika jimbo la New York, walichapisha mbinu ya kunasa nyuso bandia kwa kuangalia kama zinapepesa macho. Wakati huo ilifanya kazi kwa sababu rahisi: modeli hufundishwa kwa picha za mwenye sura, na picha za watu zinazosambaa karibu zote zimepigwa macho yakiwa wazi. Modeli isiyowahi kuona jicho lililofumba haijui kulichora. Haukupita muda mrefu watengenezaji wakaanza kufundisha kwa video badala ya picha za mnato, na udhaifu huo ukapungua sana.

Ndiyo maana idadi ya kupepesa pekee haina uzito siku hizi. Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akiongea huongezeka, akisoma hupungua sana, na anayesoma maandishi yaliyo nyuma ya kamera anaweza kukaa sekunde 10 au zaidi bila kupepesa huku akiwa mtu halisi kabisa. Hesabu hiyo itumie kwenye ncha mbili tu: dakika nzima ya mazungumzo bila kupepesa hata mara moja, au vipindi vinavyolingana mno, kwa mfano kila baada ya sekunde 4 kamili. Kupepesa kwa binadamu hakuna mpangilio wa saa. Huja mwishoni mwa sentensi, huja kwa jozi, kisha hukawia.

Kilichobaki na nguvu ni umbo la kupepesa kwenyewe. Tendo lote huchukua kati ya milisekunde 100 na 400, yaani fremu 3 hadi 10 kwa video ya fremu 25. Kope la juu hushuka haraka na kupanda polepole zaidi, kwa hiyo utakuta fremu chache za kushuka na nyingi zaidi za kupanda. Macho yote mawili hushuka pamoja. Nyusi hubaki karibu palepale, ila ngozi iliyo chini yake hunyooka, na mkunjo wa kope la juu hupotea jicho likifumba.

Chagua kupepesa kama kumi. Kwa kila moja, rudi fremu tano kabla ya kope kuanza kushuka, kisha songa mbele fremu mojamoja ukijiuliza maswali haya manne:

1. Je, kope la juu linafika kwenye la chini, au linaishia katikati kisha linarudi?
2. Je, jicho la kushoto na la kulia viko hatua moja katika fremu ileile?
3. Kope likiwa chini, je, linaonekana kama ngozi yenye kope za nywele ukingoni, au ni ukungu wenye rangi ya ngozi ambao nyuma yake mboni bado inaonekana?
4. Je, nyusi zimebaki moja kila upande? Nyusi za mbebaji zikiwa juu kuliko za mwenye sura, kivuli chake huchungulia juu ya mchoro, hasa anapokunja paji la uso.

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa. Modeli yenye mifano michache ya jicho lililofumba huchanganya wazi na kufumba, na matokeo yake ni jicho linalofifia badala ya kufungwa. Binadamu hana jicho la namna hiyo. Swali la kwanza ni dhaifu zaidi, kwa sababu watu halisi nao hupepesa nusunusu, na kamera ya fremu 25 inaweza kuukosa wakati mfupi ambao kope mbili zimegusana. Kope moja isiyofika chini ipuuze. Nane kati ya kumi ni habari nyingine.

Anayetaka namba atumie uwiano wa jicho, kwa kifupi EAR, kipimo kilichoelezwa na Soukupová na Čech mwaka 2016. Jicho huwekewa alama sita: p1 na p4 kwenye pembe mbili, p2 na p3 kwenye kope la juu, p6 na p5 chini yake. Mistari ya wima ina maana ya umbali kati ya alama mbili.

```
EAR = (|p2-p6| + |p3-p5|) / (2 * |p1-p4|)
```

Jicho lililofunguka hutoa karibu 0.3, na likifumba hushuka kuelekea sifuri. Usichukue kiwango cha mtu mwingine. Pima kwanza kiwango cha huyuhuyu akiwa ametulia, kwa sababu macho hayalingani, na kutabasamu au kutazama chini hushusha namba bila kupepesa kokote. Kuna mtego mwingine pia: programu inayoweka alama hizo nayo hulainisha matokeo yake, hivyo kupepesa kwa haraka kunaweza kuonekana kumekatishwa ilhali kwenye picha kumekamilika. Namba ikikwambia jambo, rudi kwenye picha ulithibitishe kwa macho.

Ukingo: mahali ngozi mbili zinapokutana

Mstari wa kukutania hauko kwenye mzunguko wa kichwa. Uko ndani ya uso: kwenye taya, juu ya mashavu mbele ya masikio, kwenye mapanja, na kwenye paji la uso chini ya mstari wa nywele. Wengi hutazama mpaka wa nywele na mandharinyuma, wanaona unatetema, wanashangilia. Mpaka huo hutetema kwenye kila simu ya video yenye mandharinyuma ya bandia, kwani programu inakisia upya kila fremu kichwa kinaishia wapi, na hilo halihusiani na kubadilisha uso.

Chagua sekunde mbili au tatu ambazo mtu hasogei wala haongei. Kichwa kikiwa kimetulia, ngozi halisi inapaswa kutulia nayo. Kisha tengeneza video ya tofauti, ambamo kila fremu inatolewa kwenye iliyotangulia na kinachobaki kinang'arishwa mara sita:

```
ffmpeg -ss 12 -t 3 -i asili.mp4 \
  -vf "format=gray,tblend=all_mode=difference,lut=c0=val*6,format=yuv420p" tofauti.mp4
```

Palipotulia patakuwa peusi, palipobadilika patawaka. Kwenye video halisi utaona vumbi la kamera, yaani chembechembe zinazochezacheza kwenye picha, limetawanyika karibu sawa pote, na mistari hafifu kwenye kingo zote zenye utofauti mkali: nywele, kola, miwani. Kwenye uso uliopachikwa, mara nyingi umbo la yai au la beseni hujitokeza ndani ya uso, likiwaka na kuzima huku kola na masikio vikiwa vimetulia. Wakati mwingine ni kinyume chake: eneo la uso ni jeusi na safi kuliko ngozi ya shingo, kwa sababu modeli huchora ngozi laini isiyo na vumbi la kamera. Vyote viwili ni dalili, maana vinaonyesha kwamba uso na shingo havikupita kwenye njia moja.

Uthibitisho wa namba ni mwepesi. Chukua kipande cha shavu karibu na taya na kipande cha shingo chini yake, vyote vya pikseli 24 kwa 24, uandike wastani wa mwanga wa kila fremu. Namba mbili za mwisho za `crop` ni mahali kona ya juu kushoto ya kipande ilipo.

```
ffmpeg -ss 12 -t 3 -i asili.mp4 -vf \
"crop=24:24:410:380,signalstats,metadata=print:key=lavfi.signalstats.YAVG:file=shavu.txt" \
-f null -
```

Rudia kwa shingo ukibadilisha mahali pa kukata na jina la faili. Kamera ikirekebisha mwanga yenyewe, shavu na shingo vitapanda na kushuka pamoja. Rangi ya uso ikipakwa upya kila fremu, shavu litapanda na kushuka peke yake. Gawanya mabadiliko kwa wastani wa kipande husika kabla ya kulinganisha, kwa sababu kipande chenye mwanga mwingi hubadilika kwa namba kubwa zaidi hata sababu ikiwa moja.

Taya ina jambo lake la ziada. Mbebaji akifungua mdomo sana, kidevu chake hushuka, na kama mchoro haukukifuata hadi chini utaona mistari miwili ya kidevu: wa juu uliochorwa, wa chini ulio wake. Hudumu fremu mbili au tatu tu. Itafute kwenye sauti za "a" ndefu na kwenye kicheko.

Kinachodanganya zaidi hapa ni filta za urembo. Nazo hutafuta uso kila fremu, hulainisha ngozi na kupunguza taya, kwa hiyo huacha umbo lilelile la yai kwenye video ya tofauti. Ukingo peke yake, basi, unakwambia kwamba uso umeguswa na programu. Haukwambii kwamba ni wa mtu mwingine.

Kichwa na shingo: nani anaanza kusogea

Ukingo unaotetema unakera, na watengenezaji wanalijua hilo. Dawa yao ni kulainisha: badala ya kuweka mchoro pale uso ulipoonekana katika fremu hii, huuweka kwenye wastani wa fremu hii na chache zilizopita. Mtetemo hupungua. Lakini wastani wa zilizopita huwa nyuma ya sasa, kwa hiyo kichwa kikigeuka ghafla mchoro huchelewa fremu moja au mbili, kisha kichwa kikisimama wenyewe huendelea kuteleza. Anayeondoa mtetemo analipa kwa kuchelewa, na anayeondoa kuchelewa anarudisha mtetemo. Ndiyo sababu ukikuta ukingo umetulia isivyo kawaida, usiishie hapo. Nenda moja kwa moja kwenye miondoko ya haraka.

Hapa shingo inafaa kwa sababu haijachorwa. Mtu akigeuza kichwa kulia kwake, msuli wa upande wa kushoto wa shingo, ule unaoanzia nyuma ya sikio hadi kwenye kiungo cha mtulinga, hukaza na kujitokeza. Ngozi ya upande wa pili hujikunja. Alama hizo zinakupa saa ya kweli ya mgeuko. Masikio na nywele, vilivyo kwenye fuvu lilelile, vitaanza kusogea pamoja na shingo. Swali ni kama macho, pua na mdomo vinaanza katika fremu hiyohiyo.

Fanya hivi. Tafuta mgeuko wa ghafla, wenye kuanza na kusimama kunakoonekana wazi. Chagua nukta moja nje ya mchoro, kama kona ya nywele kwenye panja au bawaba ya miwani pembeni, na nukta moja ndani yake, kama pembe ya nje ya jicho la upande uleule. Andika mahali pa kila nukta kwa pikseli, fremu kwa fremu, kuanzia fremu tatu kabla ya mgeuko hadi tatu baada yake. Usilinganishe umbali zilizosafiri. Nukta iliyo mbele zaidi ya uso husafiri zaidi kichwa kinapozunguka, na sikio lililo karibu na mhimili wa mzunguko husogea kidogo tu, kwa hiyo tofauti ya umbali ni ya kawaida. Linganisha fremu ya kuanza na fremu ya kusimama.

Katika fremu za katikati tazama pia ukungu wa mwendo. Kamera ikichelewa kufunga, kila kilichosogea kwa kasi hufifia: sikio, nywele, kola. Uso uliochorwa unaweza kubaki na nyusi kali na kope za kuhesabika wakati sikio lililo kando yake limefifia kuwa doa. Fremu moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kupepesa kumi kwa mashaka, mradi si uso unaoelekea kamera huku mkono tu ndio unaosogea.

Matokeo ya kipimo hiki yanaweza kukuelekeza kwenye ughushi wa aina nyingine. Uso ukichelewa, lakini sikio na shingo vikaenda pamoja, hilo linaelekea kupachika. Uso na sikio vikienda pamoja huku shingo na mabega vikiwa vimeganda kama ukuta, unachotazama pengine ni picha moja ya mnato iliyohuishwa, si uso uliopachikwa. Na kama kila kitu kinakubaliana isipokuwa koo, yaani mdomo unasema lakini kikoromeo na ngozi iliyo chini ya kidevu havifuati maneno, shuku kwamba ni midomo tu iliyobadilishwa ili ifuate sauti nyingine. Kwenye uso uliopachikwa, koo mara nyingi husema kweli, kwa sababu mbebaji mwenyewe anaongea.

Mfano mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Tuchukue kipande cha sekunde 40 chenye fremu 25 kwa sekunde, mtu mmoja ameketi akiongea, upana wa uso pikseli 260. Namba ni za kuonyesha njia. `ffprobe` inaonyesha fremu kamili kwenye sekunde 0, 10, 20 na 30.

Kupepesa ni mara 11, sawa na 16 au 17 kwa dakika. Hakuna cha ajabu, na mchunguzi wa mwaka 2018 angeishia hapo. Uwiano wa jicho akiwa ametulia ni 0.31. Katika kupepesa 8 kati ya 11 unashuka hadi karibu 0.18 tu kisha unapanda. Picha zinaonyesha kope lililosimama katikati, na katika tano kati ya hizo mboni inaonekana kama kivuli nyuma ya ngozi. Hapo tayari kuna sababu ya kuendelea.

Kwa ukingo, sekunde ya 14 hadi ya 16 mtu ametulia, na hakuna fremu kamili ndani yake. Mwanga wa shavu kwa fremu tano zinazofuatana ni 131.2, 133.0, 130.8, 133.4 na 131.1. Wa shingo ni 98.4, 98.5, 98.4, 98.6 na 98.5. Shavu limecheza 2.6 juu ya wastani wa 132, yaani karibu asilimia 2. Shingo imecheza 0.2 juu ya wastani wa 98, yaani asilimia 0.2. Kamera haiwezi kurekebisha mwanga wa shavu na kuiacha shingo. Hata hivyo filta ya urembo bado inawezekana, kwa hiyo tunahitaji kipimo cha tatu.

Kwenye sekunde ya 24 anageuka ghafla kumjibu mtu aliye pembeni. Nukta ya panja na ya pembe ya jicho zinasomeka hivi, kutoka fremu ya 612 hadi ya 621:

```
fremu  612 613 614 615 616 617 618 619 620 621
panja  488 488 491 497 505 511 514 514 514 514
jicho  452 452 452 452 455 463 473 479 482 482
```

Panja linaanza kwenye fremu ya 614 na kusimama ya 618. Jicho linaanza ya 616 na kusimama ya 620. Msuli wa shingo unajitokeza kwenye fremu ya 614, sambamba na panja. Uso umechelewa fremu mbili mwanzoni na mbili mwishoni, yaani milisekunde 80, na kwa fremu mbili nzima umeteleza juu ya kichwa kilichokwisha kusimama. Mfupa hauruhusu hilo. Angalia pia kwamba kuchelewa kwa mwanzo kunalingana na kwa mwisho. Programu inayochelewa huchelewa kwa mpangilio. Kosa la kuweka nukta kwa mkono lingetoa tofauti zisizo na mpangilio.

Kabla ya kuandika matokeo, rudia kwenye migeuko mingine miwili ya kipande hichohicho. Filta ya urembo yenye kulainisha sana nayo inaweza kusogeza taya kwa kuchelewa, ila haibebi macho na pua na kuyaacha nyuma ya panja kwa fremu mbili. Kuchelewa kukijirudia, na kope zile zenye mboni ya kivuli zikiwepo, maelezo ya urembo hayatoshi tena.

Video ikikosa majibu

Mara nyingi utapata kipande kifupi ambamo mtu hageuki, hapepesi vya kutosha, na faili limebanwa hadi uso umekuwa vigae. Andika "haiwezi kuamuliwa" na ueleze kilichokosekana: upana wa uso, idadi ya kupepesa, kutokuwepo kwa mgeuko. Kutoona dosari kwenye faili kama hilo si ushahidi kwamba ni halisi, na anayesambaza video bandia anaweza kuibana makusudi kwa sababu hiyohiyo.

Ikiwa mtu yuko kwenye simu ya video moja kwa moja, una nafasi ambayo faili halikupi: unaweza kuomba mwondoko. Mwombe ageuze kichwa mpaka sikio moja lielekee kamera kabisa, akae hivyo sekunde mbili, kisha arudi haraka. Programu za kutafuta uso hupoteza nusu ya alama zake kwenye mkao wa pembeni, na mchoro huweza kuruka, kutoweka au kupinda pua. Kisha apitishe kiganja polepole mbele ya uso, vidole vikiwa vimetanuka. Kidole kikipita chini ya ngozi ya shavu, au shavu likionekana juu ya kidole hata kwa fremu chache, umeona ukingo wa mchoro waziwazi. Rekodi upande wako wakati wa zoezi hilo, kwa sababu kinachotokea kwa fremu tatu hutaweza kukisimulia kwa uhakika baadaye. Picha ikiganda katikati ya zoezi, lirudie. Mtandao mbovu huchelewesha fremu nzima, uso, sikio na mkono kwa pamoja, na hilo utalitenganisha kwa kutazama kama ukuta wa nyuma nao umeganda.